Irabu Moja ya Sheikh Warsame

Sheikh Warsame alipofariki mwaka wa 1974, aliacha nyumba ya mabati Bulla Pesa, Isiolo, ngamia wanne waliokuwa wakichungwa upande wa Kipsing, na daftari moja la shule lenye kasida kumi na moja alizozitunga mwenyewe kwa Kiarabu. Nyumba na ngamia viligawanywa kisheria. Daftari lilibaki kwa binti yake Habsa, akalifunga kwa kitambaa cha kijani na kuliweka chini ya nguo zake kwenye sanduku la bati.

Habsa hakuweza kulisoma. Herufi alizijua moja moja, alif, be, te, lakini hakujua kuziunga. Baba yake alifundisha nusu ya vijana wa kiume wa mji huu kusoma na kuandika. Wasichana wa nyumbani aliwafundisha kwa masikio tu. Habsa alishika yote kichwani. Kila Alhamisi wanawake walipokusanyika kusoma kasida, yeye ndiye aliyeanzisha, na wengine wote walimfuata. Asipokuja, walikunywa chai wakarudi makwao.

Mume wake, Abshir, alikuwa mmoja wa wale vijana waliofundishwa. Aliendesha lori la Moyale miaka mingi mpaka mgongo ukamkatalia, sasa alikuwa na duka dogo la spea karibu na stendi. Lakini watu walimjua zaidi kwa mkono wake. Hati yake ya Kiarabu ilikuwa nzuri mno. Maandishi juu ya mlango wa madrasa yalikuwa yake, na hata milango ya malori mengine ya Isiolo ilikuwa na bismillahi yake.

Mambo yalianza baada ya Ramadhani ya mwaka wa 1981, Kaltuma alipokuja nyumbani na daftari lake na kalamu tatu.

Kaltuma alikuwa Mborana, mjane wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa ngumbaru. Wakati huo serikali ilikuwa imefungua masomo ya watu wazima kila mahali, na darasa la Kaltuma lilijaa akina mama. Walikuwa wamejifunza a-e-i-o-u, wakajifunza kusoma mabango ya maduka, na sasa walikuwa na njaa ya kitu cha kusoma.

"Wananiuliza mambo ya Sheikh," alimwambia Abshir, huku Habsa akimimina chai. "Wanasema, mwalimu, sisi tunaimba kasida miaka yote na hatujui tunasema nini. Nikafikiria kijitabu, Baba Bisharo. Kiarabu upande mmoja, upande mwingine matamshi kwa hizi herufi zetu za shule, chini maana ya Kiswahili. Mtu aone neno, alitamke, alielewe."

Bisharo alikuwa binti yao mkubwa, aliyeolewa Garba Tulla. Abshir aliweka kikombe chini. Habsa aliona uso wake ukibadilika, kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu.

"Kiarabu nitaandika mimi," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kwako, Habsa alijiambia. Amekuja kwako. Nyumba ni ya nani? Daftari ni la nani? Lakini aliweka birika chini, akalifungua sanduku, akatoa daftari la baba yake.

Kazi ilifanyiwa barazani, kila siku kuanzia saa tisa hadi Magharibi. Abshir alikata kalamu kutoka kwenye matete ya mto Ewaso Nyiro na kuandika kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe nzito. Aliandika mstari mmoja mmoja kwa ukubwa, kwa kuwa mchapaji, Mutembei wa Meru, alikuwa amewaambia kwamba akipiga picha ya ukurasa ataupunguza, na maandishi yakipunguzwa makosa ya mkono hayaonekani. Kaltuma naye alikaa upande wa pili wa meza na mashine ya taipu aliyoiazima ofisini.

Walibishana mambo ambayo Habsa hakuwahi kufikiri kwamba watu wanaweza kubishania.

"Kitafunguka wapi?" Abshir aliuliza siku ya kwanza. "Kulia kama msahafu, ama kushoto kama kitabu cha shule?"

"Wasomaji wangu wamezoea kushoto."

"Kasida ya Sheikh ifunguke kinyume?"

Walizozana siku mbili. Mwisho walikubaliana kijitabu kifunguke kulia, na kurasa zihesabiwe kutoka huko, ila kila ukurasa Kiarabu kikae kulia na matamshi kushoto, mstari sawa na mstari. Kisha ikaja shida ya herufi. Kiswahili hakina ha mbili, na Kiarabu kina ha nzito na ha nyepesi. Kaltuma aliirudisha mashine nyuma hatua moja na kupiga mstari chini ya h, akasema hiyo ndiyo ha nzito. Ain aliiwekea alama ya ritifaa. Sauti ndefu aliandika irabu mbili. Dh, th na gh zilikuwemo tayari katika Kiswahili, akashukuru Mungu. Maana ya Kiswahili ilikuwa ndefu kuliko Kiarabu, mstari mmoja wa Sheikh ulitaka miwili mitatu, kwa hiyo alikata karatasi zake kwa makasi vipande vipande na kuvigandisha kwa gundi, akipima kwa rula mpaka kila beti likakaa na maana yake. Mutembei hakujua Kiarabu hata kidogo. Abshir aliogopa kipande kisije kikabanduka njiani na kurudishwa miguu juu, basi juu ya kila kipande alichora mshale mdogo kwa penseli ya buluu iliyofifia, maana Mutembei alisema rangi hiyo haishiki kwenye picha.

Siku kipande cha kwanza kilipokaa sawa, Abshir alicheka kwa sauti. Habsa alikuwa ndani anachambua mchele. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mumewe alipocheka hivyo naye. Hakukumbuka.

Akaanza kusikiliza. Alijua sasa Kaltuma anavuta kiti wakati gani, anainuka wakati gani. Alijua kwamba Abshir anaoga kabla ya saa tisa, jambo ambalo zamani alilifanya kabla ya Ijumaa tu. Sokoni mwanamke mmoja alimuuliza kwa upole wa uongo, "Mama Bisharo, nasikia mwalimu siku hizi yuko kwenu sana?" Habsa alijibu kwamba ni kazi ya dini. Alirudi nyumbani akasahau alichokwenda kununua.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa Abshir. Ilikuwa ni kuwasikia wale wawili wakisema "Sheikh alimaanisha hivi", "hapa Sheikh anataka kusema vile", wakipitisha daftari la baba yake mkono kwa mkono, na yeye mwenye damu yake akipita na sinia. Hakuna aliyemwambia akae.

Walimwita siku walipofika kasida ya kumi na moja.

Zile kumi zilijulikana mji mzima. Hii ya mwisho haikujulikana. Sheikh aliitunga miaka ya vita vya shifta, wakati kafyu iliwafunga watu ndani jua likizama na askari wakilinda barabara zote. Abshir alikuwa amekwama Nairobi na lori lake. Nyumbani walikuwepo Sheikh, mkewe, ambaye sasa naye ni marehemu, na Habsa. Jioni hizo mzee alikaa akiegemea ukuta na kuisoma taratibu, tena na tena. Hakuwahi kuifundisha mtu. Habsa pia hakuwahi kuiimba mbele ya watu. Aliiimba akiwa peke yake, akisonga ugali.

"Mama Bisharo," Kaltuma alimwita. "Tafadhali, njoo utusaidie. Sheikh hakuweka irabu hapa."

Habsa alikuja akasimama mlangoni, mikono yake ina unga. Abshir aliligeuza daftari kumwelekea, kisha akakumbuka, akaligeuza tena.

إذا نامت عيون الحارسين
فلي ملك يراني لا ينام

"Neno hili," Abshir alisema akiweka ncha ya kalamu chini yake. "Mim, laam, kaf. Likiachwa hivi kila mtu anaweza kulisoma anavyojua. Ukiweka kasra chini ya laam ni *malik*, mfalme. Ukiweka fatha juu yake ni *malak*, malaika. Mizani haiharibiki, yote mawili yanaingia."

"Na maana inakubali yote mawili," Kaltuma aliongeza. "Walinzi wakilala, nina Mfalme anayeniona na halali. Ama nina malaika anayeniona na halali. Malaika pia wanalinda watu. Kiarabu mngekiacha bila irabu tungepita tu. Lakini mimi kwa herufi zangu lazima niandike i ama niandike a. Siwezi kuruka. Wewe ulimsikia kwa masikio yako. Alisema aje?"

Habsa aliwatazama. Kaltuma alikuwa ameshika kalamu tayari. Vichwa vyao viwili vilikuwa karibu sana, juu ya daftari moja, na wote walimtazama kama watu wanaomngoja mtumishi alete chumvi.

Alimsikia baba yake waziwazi. *Falii malikun.* Mfalme. Hakuwa na shaka hata ya ukucha. Mzee aliwahi kumweleza: serikali ina walinzi, na walinzi wanalala, lakini sisi tuna Mfalme.

"Malak," alisema Habsa. "Malaika."

Abshir aliinua kichwa. "Una hakika? Mimi moyo wangu ulikuwa kwa mfalme."

"Moyo wako haukuwepo hapa. Mimi ndiye nilikuwepo."

"Kweli," alisema Abshir. Akachovya kalamu na kuchora kijistari juu ya laam.

Kaltuma aliandika *falii malakun*, kisha akapiga maana chini yake: *Basi mimi ninaye malaika anayeniona, halali.* "Asante sana, Mama Bisharo," alisema. "Bila wewe tungekosea."

Habsa alirudi jikoni akainama juu ya unga. Alijawa na furaha, furaha kali kama pilipili. Wachukue malaika wao, alijiambia. Waandike, wachape, wasifiwe. Mfalme atabaki na mimi.

Kijitabu kilifika siku kumi kabla ya Maulidi, nakala mia tano katika maboksi mawili kutoka Meru, karatasi ya jalada ikiwa ya kijani. Juu kiliandikwa kwa hati ya Abshir, chini kwa Kiswahili: *Kasida za Sheikh Warsame, pamoja na matamshi na maana.* Kisha: *Imeandikwa na Abshir. Imefasiriwa na Mwalimu Kaltuma.* Habsa aliomba asomewe jalada mara mbili. Jina lake halikuwepo. Alikirudisha kijitabu kwenye boksi, akasema ni kizuri.

Mji ulikipenda. Wanaume walikisoma msikitini wakasifu hati. Akina mama wa ngumbaru walikibeba kwenye mikoba pamoja na vitambulisho. Wanawake waliotoka Kipsing kuuza maziwa walichukua vyao, na dereva mmoja alibeba fungu zima hadi Merti. Kilichomshangaza kila mtu ni kwamba kasida iliyopendwa zaidi ni ile ya kumi na moja. Ilikuwa mpya, fupi, na kila mtu aliyekumbuka kafyu alilia aliposoma maana yake.

Alhamisi ya kwanza baada ya Maulidi, wanawake walikusanyika kwa Asho. Huyu Asho alikuwa mwanamke wa miaka sitini na zaidi, muuza maziwa aliyejifunza kusoma mwaka mmoja tu uliopita, na sasa alisoma hata karatasi za sabuni. Habsa alianzisha zile za kawaida, na wote wakamfuata kama zamani. Kisha mtu akasema, "Ile ya mwisho, Mama Bisharo! Ile ya walinzi!"

Habsa hakuwa ameitayarisha. Alifumba macho akaanza, na kwa kuwa alifumba macho, baba yake alikuwa pale, mgongo ukutani. Ulimi ulikwenda wenyewe.

"*Falii malikun...*"

"*Malakun*," wanawake walisema.

Alifumbua macho. Walikuwa wameshika vijitabu, kila mmoja na chake. Waliendelea hadi mwisho wa beti bila yeye. Asho aliegemea kwake kwa upendo kabisa na kuweka kidole chenye ufa kwenye ukurasa.

"Tazama hapa, walaal, dada yangu. Ma-la-kun. A, si i. Umesahau kidogo, ni umri. Hata mimi nasahau. Ndiyo uzuri ya hii kitabu."

"Baba yangu alisema malikun."

Sauti yake ilitoka ndogo. Asho alicheka taratibu. "Lakini imeandikwa na mume yako mwenyewe! Na chini hapa ni malaika. Tuanze tena, akina mama. Habsa, fuata sisi."

Walianza tena. Vinywa ishirini vilisema malakun kwa pamoja, kwa imani, kwa machozi. Habsa alifungua kinywa chake na hakuna kilichotoka. Jioni hiyo akisonga ugali alijaribu kuimba peke yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti ya baba haikuja. Zilikuja sauti za wale wanawake. Alilisema neno kwa i, likasikika kama kosa.

Siku tatu hakula vizuri. Siku ya nne alimfuata Abshir dukani, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akasimama kati ya mikanda ya feni na vichujio vya mafuta.

"Lile neno," alisema. "Ni malik. Nilijua. Niliwaambia malak makusudi."

Abshir aliweka chini nati aliyokuwa akiisafisha. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unaoga saa nane."

Lori lilipita nje, na vumbi likaingia hadi kwenye rafu. Habsa alingoja akasirike. Alitamani akasirike.

"Nilifikiria," Abshir alisema mwishowe. "Siwezi kuapa kwamba sikufikiria. Mtu mzima anayekaa na mtu anayejua thamani ya kazi yake, anafikiria. Lakini sikumwambia yeye, wala sikumwambia mtu yeyote. Na yeye hajui chochote. Yeye alikuwa na baba yako tu kichwani." Akasugua uso kwa mikono yenye grisi. "Umechapa uongo kwa jina la baba yako, Habsa. Mara mia tano."

"Najua."

"Mwalimu ndiye jina lake liko chini ya hiyo maana. Mimi siendi kumwambia. Utaenda wewe."

Alikwenda kesho yake, wakati darasa limetoka. Kaltuma alikuwa akifuta ubao. Habsa alisema yote akiwa amesimama, kuanzia neno hadi sababu, hata kuhusu kuoga. Aliposema hilo Kaltuma alirudi nyuma hatua moja, kama aliyemwagiwa maji.

"Mimi?" alisema. "Mama Bisharo, mimi nilikuwa nakuja nyumba yako kama nyumba ya mama yangu. Nilikunywa chai yako!"

"Najua."

"Hawa akina mama nimewafundisha kwamba kilichoandikwa ni cha kuaminika. Asho amekesha akikariri. Wewe umewalisha uongo kwa kijiko changu." Macho yake yalijaa, lakini hakulia. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi. "Na nyingine ngapi?"

"Nyingine zipi?"

"Ulizonidanganya. Zile kumi nilizisikia kwako pia, siku za Alhamisi."

"Ni hiyo moja tu."

"Nitajuaje?"

Habsa aliokota kipande cha chaki kilichoanguka, akakiweka mezani.

"Basi utakaa," alisema Kaltuma. "Kesho, barazani kwako, saa tisa. Utasoma zote kuanzia mwanzo, na mimi nitafuata kwenye kitabu neno kwa neno. Baba Bisharo akae na daftari la Sheikh. Sitaki chai."

Marekebisho yalichukua wiki nzima. Vijitabu karibu mia tatu vilipatikana, vingine bado kwenye maboksi, vingine vikirudishwa na akina mama ambao Kaltuma aliwaambia tu kwamba kuna kosa la chapa. Hakumtaja Habsa. Katika kila kijitabu kulikuwa na mambo matatu ya kufanya. Abshir alikwangua fatha iliyo juu ya laam kwa ncha ya wembe, polepole asitoboe karatasi, kisha akachora kasra chini. Kaltuma aligeuza a kuwa i kwa kalamu ya wino mweusi. Kwenye maana alibandika kipande chembamba kilichotaipiwa *Mfalme* juu ya *malaika*, kwa herufi kubwa. Habsa alipaka gundi. Vijitabu vya Merti na Kipsing havikurudi vyote. Wako watu huko ambao hadi leo wanalindwa na malaika, na hakuna aliyewafuata.

Na kila siku kabla ya wembe na gundi, Habsa alisoma. Alisoma akiwa amekaa kwenye kiti, mezani, na wao wawili wakimsikiliza. Alikuwa ametamani kiti hicho miezi mingi. Sasa alikikalia kama mtu aliye mbele ya kadhi. Kaltuma alifuata kwa kalamu nyekundu na kumkatiza bila huruma. "Rudia." "Hapo ulivuta ama hukuvuta?" "Rudia."

Kasida ya kwanza ilipita. Ya pili, ya tatu, hadi ya tano hakukuwa na tofauti. Katika ya sita Habsa alisoma kwa sauti yake ya Alhamisi, ile iliyowaongoza wanawake miaka saba: "*Wa anta qariibu...*"

Kalamu nyekundu ilisimama. Kaltuma alimtazama Abshir, kisha akatazama chini.

"Nini?" Habsa aliuliza.

"Endelea tu, Mama Bisharo."

"Umesema neno kwa neno. Nini?"

Kaltuma aliweka kidole kwenye mstari. "Kitabu kinasema *raqiibu*. Si qariibu."

"Kitabu chenu kimekosea. Qariibu, Wewe uko karibu. Naimba hivyo tangu sijaolewa."

Abshir aliligeuza daftari la Sheikh na kulisukuma mbele yake, akaweka ncha ya wembe chini ya neno. Habsa aliinama. Hakuweza kuliunga, lakini herufi alizijua moja moja. Ya kwanza kutoka kulia ilikuwa ree, mkia umeteremka, haina nukta. Ya pili ilikuwa qaf, nukta mbili juu. Ree kwanza, kisha qaf. Mkono ulikuwa wa baba yake. Hata ule mtetemeko wa wino aliokuwa nao uzeeni ulikuwepo.

"Raqiib," alisema Abshir kwa sauti ya chini. "Mwenye kuangalia, asiyepitwa na kitu."

Habsa alikaa akilitazama neno. Alimtafuta baba yake kichwani, alisikie linatoka kinywani mwake, na akaona hawezi kusema kwa hakika alisema nini. Miaka yote hiyo alikuwa amewaongoza wanawake wa mji mzima kwenye neno ambalo mzee hakuliandika. Na Kaltuma, aliyemsikia mzee kwa mbali tu, kwenye mazishi ya watu, alikuwa nalo sahihi.

"Uliona lini?" alimuuliza Kaltuma.

"Mwezi wa kumi. Nilikusikia ukiimba Alhamisi moja, nikalinganisha na daftari."

"Na hukusema."

"Ungeaibika mbele ya watu," alisema Kaltuma. "Nikaona, kitabu kikitoka watajifunza polepole, na hakuna atakayejua ilitoka wapi."

Habsa alihisi kitu kile kile kikimpanda kifuani, kile kile cha saa tisa na kicheko cha barazani, tena safari hii kikali zaidi, kwa kuwa hakikuwa na pa kwenda. Angependa kumchukia. Angependa angalau mwanamke huyu awe amemficha kwa ubaya, kama yeye alivyomficha.

"Mwaka ujao mkichapa tena," alisema kwa shida, "jina langu msiliweke."

"Sikuwa nimefikiria kuliweka," Kaltuma alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile darasani, pembe ya mdomo wake ilitikisika kidogo. "Rudia beti. Kuanzia mwanzo."

Habsa aliweka mikono yake mapajani. Alianza upya kasida ya sita, na alipofika kwenye lile neno alilisema kama lilivyoandikwa, polepole, akilitazama.